Kikao cha Dar, Guangzhou na Toronto: tukutane saa ngapi?

Wadau, nina duka la mabegi Kariakoo. Kaka yuko Guangzhou ananunua mzigo, dada yuko Toronto, ndiye mwenye hela. Novemba niliandika kwenye grupu: "Kikao saa 10 jioni." Dada akangoja saa 10 ya kwake. Guangzhou ilikuwa saa 11 alfajiri, kaka kalala. Oda ikachelewa, shule zikafunguliwa sina mzigo.

Siku hizi naanza na anayebanwa zaidi. Dada anaingia kazini saa 3 asubuhi, kwa hiyo nafasi yake ni saa 2. Toronto iko nyuma yetu saa 8, basi Dar ni saa 10 jioni. Guangzhou iko mbele yetu saa 5, kwa kaka ni saa 3 usiku. Wote tuko macho.

Kwenye grupu naandika kama simu inavyoonyesha, kila mtu na mji wake:

16:00 Dar
21:00 Guangzhou
08:00 Toronto

Angalizo: Machi Toronto wanasogeza saa mbele mpaka Novemba. Sisi na China hatusogezi. Tofauti inakuwa saa 7, kwa hiyo nahamishia kikao 15:00 Dar, 20:00 Guangzhou. Ukisahau, dada atakuwa ameshaingia kazini.