Somo kwa Wachora Picha za Samani: Lini Eevee, Lini Cycles



Siku hizi mteja wa Kampala hutaka kuona picha ya kabati kabla seremala hajanunua ubao mmoja kule Ndeeba. Kazi ya kutengeneza picha hizo kwa kompyuta inafanywa na wenzetu wengi, na wanalipwa kwa picha, si kwa saa. Kwa hiyo kompyuta ikikesha na picha moja, hasara ni ya mfanyakazi. Wengi wanaambiwa, au wanajiambia, kwamba mashine yao ni ndogo mno. Mara nyingi shida si mashine, bali ni namba zilizoachwa kama programu ilivyozileta. Somo hili linahusu Blender, kwa kuwa haiuzwi na ndiyo inayotumiwa na wengi wetu.

1. Injini mbili, kazi mbili

Kati ya injini za kutoa picha zilizomo ndani ya Blender, mbili ndizo zinazotuhusu. Eevee hutoa picha papo hapo. Cycles hufuata njia za mwanga: hutuma miali kutoka kwenye kamera, miali hiyo hudunda ukutani, sakafuni na kwenye mbao mpaka ikute taa au anga.

Eevee ilitengenezwa upya katika Blender 4.2 ya mwaka 2024, na sasa nayo ina mahali pa kuwasha Raytracing. Lakini miali yake inatafuta ndani ya kile kinachoonekana kwenye picha tu. Tuseme tunachora kabati lenye mlango wa kioo, na dirisha liko nyuma ya kamera. Kioo kinatakiwa kiakisi dirisha lile, lakini Eevee hailioni kwa sababu halimo kwenye picha. Unaweza kuisaidia kwa kuweka Light Probe, ila hiyo ni kazi ya ziada na matokeo yake ni ya kukadiria.

Basi kipimo chetu ni hiki: je, mwanga au kivuli kinachoipa picha uhai kinatoka nje ya fremu, au kinadunda mara nyingi ndani ya chumba? Kama ndiyo, picha ya mwisho itolewe na Cycles. Kama ni kiti kimoja mbele ya ukuta mweupe chenye taa mbili kubwa, Eevee inatosha. Na kwa vyovyote vile, kuchagua pembe ya kamera, rangi na mahali pa samani kufanyike kwa Eevee, maana mteja hubadili mawazo mara tatu kabla ya kukubali.

2. Sampuli ni nini

Picha ya Cycles ikitolewa haraka hujaa chenga, kama televisheni isiyoshika mawimbi. Sababu yake ni rahisi. Ukiwauliza wauzaji wawili bei ya ubao wa mvule, wastani utakaoupata unaweza kuwa mbali na bei ya kweli. Ukiuliza arobaini, utaikaribia. Kila sampuli ni swali moja ambalo kila nukta ya picha inaliuliza kuhusu mwanga. Maswali yakiwa machache, nukta jirani hupata majibu tofauti, na tofauti hiyo ndiyo chenga.

Hapa pana sheria ya kukumbuka: ili chenga zipungue nusu, sampuli ziongezwe mara nne. Toka 64 mpaka 256 utaona faida kubwa. Toka 1,000 mpaka 4,000 muda ni mara nne tena, na jicho halioni sana kilichoongezeka.

Blender huja na Max Samples 4096 na Noise Threshold 0.01. Kwa kompyuta isiyo na kadi ya picha, hizo ni namba za kukesha. Noise Threshold ni kiwango cha usafi: nukta ikikifikia, Cycles huiacha na kwenda kuhangaikia nyingine. Max Samples ni kikomo tu. Tunashauri kuanza na 0.03 na kikomo cha 256.

3. Tupime kabla ya kuahidi

Turudi kwenye kabati letu. Chumba kina dirisha moja, picha ina upana wa nukta 1,600 na kimo cha 1,000, kompyuta ina kumbukumbu ya GB 8. Tusibonyeze F12 na kungoja. Tuingie kwenye mwono wa kamera, tubonyeze Ctrl+B, tuzungushie kipande kigumu kuliko vyote, yaani ndani ya kabati kwenye kivuli. Kwa jaribio hili tuweke Max Samples 64 na tuondoe alama ya Noise Threshold.

Tuseme kipande hicho ni sehemu moja ya kumi ya picha na kimechukua dakika 2. Picha nzima haitapita sana dakika 20. Kwa sampuli 256 ni dakika 80 kwa makadirio ya juu, na Noise Threshold ikirudishwa muda utapungua, maana ukuta ulio wazi husafika mapema. Sasa una hesabu ya kumwonyesha bosi kabla hujakubali picha sita kwa kesho asubuhi.

Kama kipande bado kina chenga nyingi, tazama mwanga kabla ya kuongeza sampuli. Ondoa kioo cha dirisha, kwa sababu Cycles hupata shida kubwa kupitisha mwanga wa anga kwenye kioo. Weka Area light yenye ukubwa wa dirisha palepale dirishani na uitie alama ya Portal, ili miali ijue mlango wa mwanga ulipo. Ukiona nukta moja moja zinazong'aa kama vimulimuli, shusha Indirect Light chini ya Clamping kutoka 10 hadi 3. Picha itapoteza mng'ao kidogo, lakini vimulimuli vitaondoka.

4. Kusafisha bila kudanganya

Denoise husafisha chenga zilizobaki. Chagua OpenImageDenoise, kwenye Passes weka Albedo and Normal, na Prefilter iwe Accurate. Kwa njia hii kisafishaji huonyeshwa rangi na umbo la kila kitu, hivyo hakifuti ovyo nyuzi za mbao.

Hata hivyo, kisafishaji hukisia. Kikipewa sampuli chache mno, kivuli huwa na madoa kama karatasi iliyomwagikiwa maji, na nyuzi zilizo gizani au zinazoakisiwa kwenye vanishi huyeyuka. Mteja huona ubao laini usio na nyuzi, halafu seremala ndiye anayedaiwa ubao usiokuwapo sokoni.

Njia ya kumgundua mwongo ni hii: toa kipande kilekile kwa sampuli 1,000 bila Denoise na bila Noise Threshold, kisha kiweke kando ya kile kilichosafishwa. Mstari uliopo kwenye kimoja na haupo kwenye kingine ni kazi ya kisafishaji. Hapo ongeza Max Samples hadi 512, au shusha Noise Threshold hadi 0.02, ujaribu tena kipande hicho tu.

Maswali ya kujadili tawini

1. Kipande cha sehemu moja ya nane kimechukua dakika 3 kwa sampuli 64. Picha nzima kwa sampuli 256 itachukua muda gani kwa makadirio ya juu?
2. Meza ya kioo iko kwenye chumba chenye dirisha nje ya fremu. Utatumia injini gani, na kwa nini?
3. Bosi akidai picha kwa muda uliopungua kuliko hesabu yako, ni namba gani utapunguza, na mteja aambiwe nini kuhusu picha hiyo?