RANGI ZILIZOZIMIKA NJIANI

Chukua jalada la jarida letu la mwaka jana uliweke mezani. Unaona mbingu ile ya zambarau na mahindi yaliyofubaa kama kunde zilizopitiliza jikoni? Sivyo yalivyochorwa. Mwenzetu aliyeichora picha ile kwa kompyuta hapa Bungoma aliweka mbingu ya buluu kali na majani ya kijani cha kuwaka. Nakala 300 ziliporudi kutoka matbaa ya Kitale, alizitazama, kisha akaniuliza mimi mhariri, "Kwani mlibadilisha picha yangu?" Sikuwa na jibu. Pesa za wanachama zilikuwa zimekwisha.

Mwaka huu nilipanda matatu mpaka Kitale mapema, nikiwa na picha mpya, nikamwomba fundi anieleze.

"Kijana," akasema, "kioo cha kompyuta ni taa. Karatasi si taa."

Maana yake ni hii. Kioo huchanganya mwanga mwekundu, kijani na buluu, kila mmoja kuanzia 0 hadi 255. Huo ndio mpango wa RGB. Karatasi haitoi mwanga wake. Wino hula sehemu ya mwanga unaoiangukia, na kinachobaki ndicho tunachokiona. Wino wa sayani hula mwekundu, wa majenta hula kijani, wa manjano hula buluu. Ukiongeza mweusi unapata CMYK. Taabu ni kwamba wino hauli kwa adabu. Sayani humega pia kijani na buluu kidogo, na majenta humega buluu. Basi rangi inayohitaji wino mbili hupoteza mwanga mara mbili.

Kutokana na hayo unaweza kutabiri kabla ya kuchapisha. Manjano kali, 255,255,0, husalimika kwa kiasi kikubwa, kwa sababu karibu kazi yote hufanywa na wino mmoja. Nyekundu hushuka kidogo tu. Wanaoumia ni kijani cha 0,255,0, buluu ya 0,0,255 na waridi la kuwaka la 255,0,255. Rangi za udongo, za miti na za ngozi hazina neno.

Fundi alifungua picha yetu katika Photoshop, akachagua View > Gamut Warning. Mbingu na mahindi vyote vikafunikwa kijivu. Hiyo ni ishara kwamba rangi hizo wino hauzifikii. Lakini angalia: kijivu hicho hakisemi zimepitiliza kwa kiasi gani. Akabonyeza Ctrl+Y, kioo kikaigiza karatasi. Alinishauri nigeuze uso wakati wa kubonyeza, maana jicho likiona rangi zikishuka ghafla hudhani zimekufa kabisa.

Kisha akaweka nakala ya RGB pembeni, kwa kuwa ukishageuza, kurudi nyuma hakurudishi rangi iliyopotea. Akaenda Edit > Convert to Profile. Kwa mpangilio unaokuja na programu hiyo, buluu yetu ikawa C88 M77 Y0 K0. Hapo ndipo nilipogundua zambarau ilitoka wapi! Majenta ilikuwa inakaribiana mno na sayani. Fundi akaandika C100 M60 Y0 K0. Desturi yake ni kuacha pengo la 30 au zaidi kati ya hizo mbili, na mbingu ikabaki buluu, japo imetulia.

Kijani kikawa C63 M0 Y100 K0. Hicho hakina dawa. Wino hauwezi kuwaka. Tulichofanya ni kuhakikisha hakina chembe ya majenta wala nyeusi, kwa sababu wino wa tatu ndio unaoingiza ukungu. Halafu mwenzetu akaitia giza safu ya Mlima Elgon nyuma ya mahindi. Majani hayakubadilika hata tarakimu moja, ila penye giza yakaonekana yamechangamka.

Jambo la mwisho ni karatasi. Ile laini inayong'aa huacha wino juu. Ile ya kawaida huunyonya, na rangi hufubaa zaidi. Kwa hiyo muulize fundi utachapiwa kwenye karatasi gani kabla ya kugeuza, uchague mpangilio wa karatasi hiyo. Ukikosea hapo, kioo kitakudanganya vilevile.

Kabla ya kuchapa nakala zote tuliomba nakala moja ya majaribio. Nilirudi nayo Bungoma nikampa mchoraji bila kusema neno. Aliipeleka dirishani, kwenye mwanga wa jua, akaigeuza huku na huku.

"Kijani kimepoa," akasema, "lakini hii ni picha yangu."

Tukaruhusu zichapwe. Mwanzo kokochi mwisho nazi; jalada ulilolishika leo ndilo hilo.