Barua ya Kujiuzulu ya Mhandisi wa Mradi: Lugha ya Ahadi na Mipaka Yake

Utangulizi

Katika uandishi wa kiuamilifu, barua ya kujiuzulu hufunzwa kwa kuzingatia muundo: anwani mbili, tarehe, mtajo, kiini na tamati. Aghalabu aya ya makabidhiano hutajwa kwa sentensi moja tu. Makala haya yanalenga kubainisha kwamba aya hiyo ndiyo yenye uzito mkubwa zaidi pale mwandishi anapokuwa mhandisi wa mradi anayemwacha mkandarasi na kuingia katika utumishi wa umma.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mhandisi anasimamia ujenzi wa barabara ya changarawe kwa niaba ya mkandarasi. Anapata kazi katika idara ya barabara ya serikali ya kaunti, ambayo ndiyo mwenye mradi. Barua yake ni ya tarehe 3 Machi 2025.

Kuarifu si kuomba

Wanafunzi wengi huanza hivi: "Ninaomba kujiuzulu." Kitenzi "kuomba" humpa msomaji nafasi ya kukubali au kukataa, ilhali kujiuzulu ni kutoa ilani. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinataka mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi atoe ilani ya maandishi ya siku 28, isipokuwa mkataba wake umeweka muda mrefu zaidi. Sentensi inayofaa ni hii: "Ninakuarifu kwamba ninajiuzulu wadhifa wa mhandisi wa mradi. Ilani yangu ya siku 28 inaanza kuhesabiwa kesho, na siku yangu ya mwisho kazini ni tarehe 31 Machi 2025." Tarehe ya mwisho ikitajwa waziwazi, hapazuki ubishi wa kuhesabu.

Ahadi inayopimika

Tarehe 24 Februari, wachimbaji walikuta bomba la maji ambalo halikuonyeshwa kwenye michoro, na kazi ya kalavati ikasimama. Mkataba wa mradi ni ule wa FIDIC wa mwaka 1999. Kwa mujibu wa kifungu cha 20.1 cha mkataba huo, mkandarasi anayetaka muda wa ziada au malipo hutoa taarifa ya dai katika siku 28 tangu alipolijua tukio, na maelezo kamili katika siku 42. Asipotoa taarifa kwa wakati, haki yake hupotea. Kwa hivyo taarifa inatakiwa kufikia tarehe 24 Machi, mhandisi akiwa bado kazini, na maelezo kufikia tarehe 7 Aprili, akiwa amekwisha kuondoka.

Sasa tazama ahadi hii: "Nitajitahidi kuhakikisha kila kitu kimekabidhiwa vizuri." Kitenzi "kujitahidi" huahidi juhudi wala si matokeo; "kila kitu" hakitaji chochote. Mrithi wake anaweza kuisoma barua hiyo asijue kwamba kuna dai. Linganisha na hii:

"Kufikia tarehe 14 Machi nitakutayarishia taarifa ya dai kuhusu bomba la maji ili uitie sahihi na kuiwasilisha. Kufikia tarehe 24 Machi nitamkabidhi utakayemteua shajara ya kazi, daftari la vipimo, picha na orodha ya mitambo iliyokaa bure, ili akamilishe maelezo ya dai kabla ya tarehe 7 Aprili. Tutatia sahihi sote wawili kwenye orodha ya makabidhiano."

Hapa kila kitenzi kina mtendaji, kitu na tarehe. Aidha, wiki moja iliyobaki baada ya tarehe 24 humpa mrithi nafasi ya kuuliza maswali mwenye kujua akiwa bado yupo.

Mpaka wa adabu

Barua nyingi hufungwa kwa maneno haya: "Nitaendelea kukusaidia hata baada ya kuondoka." Katika mazingira ya kawaida, huo ni uungwana. Kwa mhandisi huyu ni hatari. Kuanzia Aprili atakuwa mtumishi wa mwenye mradi, yaani upande unaodaiwa. Akimsaidia mkandarasi kuandaa dai, atakuwa na mgongano wa maslahi, na barua yake mwenyewe itakuwa ushahidi. Tamati salama ni hii: "Nitajibu maswali yote ya mradi hadi tarehe 31 Machi. Baada ya hapo sitaweza kushiriki katika mambo ya mradi huu kwa niaba ya kampuni." Kwa mwajiri mpya naye anapaswa kueleza kwa maandishi kwamba aliusimamia mradi huo, ili asipewe kazi ya kulipima dai aliloliandaa.

Hitimisho

Mwalimu anayesahihisha barua ya aina hii anaweza kuuliza maswali matatu: je, ilani imetolewa au imeombwa? Je, mrithi anaweza kufanya kazi kwa kuisoma aya ya makabidhiano pekee? Je, ahadi zimekoma siku ajira inapokoma? Muundo sahihi hautoshi iwapo jibu la swali mojawapo halionekani katika barua yenyewe.