Homa ya Matumbo: Damu Kabla ya Kidonge

Mtu akishikwa na homa siku kadhaa, na kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, mara nyingi hupimwa Widal. Anarudi nyumbani na karatasi iliyoandikwa "1:160" na mfuko wa dawa, na majirani wanaambiwa ana taifodi. Pengine anayo kweli. Lakini Widal haimtafuti bakteria mwenyewe, Salmonela Taifi. Inatafuta kingamwili, na hizo hubaki damuni kwa miezi mingi baada ya mtu kupona. Hata malaria inaweza kuzichokoza. Ndiyo maana kwenye mitaa yenye ugonjwa huu, mtu mzima asiyeumwa chochote anaweza kupimwa leo akaambiwa ana homa ya matumbo.

Kipimo kinachomtafuta bakteria ni kuotesha damu. Mtu mzima huchotwa mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa. Mtoto huchotwa kidogo, kulingana na uzito wake. Usishangae wingi huo. Katika homa ya matumbo, mililita moja ya damu inaweza isiwe na bakteria hata mmoja, hivyo tone la kidoleni halitoshi. Chupa ina maji ya virutubisho, na maabara huiweka kwenye joto kama la mwili. Bakteria akiota, hujaribiwa kwa dawa moja moja. Majibu huchukua siku 3 hadi 5, wakati mwingine wiki. Kwenye karatasi, herufi S mbele ya jina la dawa ina maana dawa hiyo inamuua. R ina maana amekuwa sugu.

Kipimo hiki nacho kina mipaka: kati ya wagonjwa 10 wenye homa ya matumbo, hukamata kama 6 tu. Vidonge vya amoksilini vilivyonunuliwa duka la dawa jana yake huifanya nafasi hiyo iwe finyu zaidi. Kwa hiyo damu itolewe kwanza, kisha matibabu yaanze siku hiyohiyo bila kungoja majibu.

Tuseme mtoto wa miaka 10 ana homa inayopanda kila jioni, kichwa kinamuuma na choo kimefunga. Nyumbani anapewa vidonge vilivyobaki vya kaka yake. Siku ya pili homa bado ipo, anabadilishiwa dawa. Siku ya nne anabadilishiwa tena. Hapa familia imejichanganya yenyewe, kwa sababu hata dawa sahihi huchukua siku 3 hadi 5 kushusha homa hii. Bila majibu ya damu hakuna awezaye kusema kama dawa imeshindwa au imekatishwa njiani.

Na kushindwa kupo. Kloramfenikoli, ampisilini na kotrimoksazoli ndizo zilizokuwa tegemeo zamani. Bakteria sugu kwa zote tatu wameenea Kenya tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Siprofloksasini nayo inapoteza nguvu sehemu nyingi. Huko Sindh, Pakistani, mwaka 2016 alionekana bakteria anayezishinda zote hizo pamoja na sindano ya seftriaksoni, na kidonge kilichobaki cha kutegemewa kikawa azithromaisini.

Siku zinazopotea kwa kubahatisha dawa ndizo bakteria anazotumia kuchimba vidonda mwishoni mwa utumbo mwembamba. Mara nyingi ni katika wiki ya tatu ndipo kidonda hutoboka. Wilayani Kasese, Uganda, kati ya mwisho wa 2007 na Julai 2009, wagonjwa 577 waliorodheshwa. 249 walitoboka utumbo na 47 walifariki. Bakteria waliooteshwa huko wengi walikuwa sugu kwa dawa za zamani, na maji ya kunywa yalikutwa na uchafu wa kinyesi. Nawe maji yako ya kunywa yachemshe au yatie klorini hata kama yanaonekana safi.

Utumbo ukitoboka, maumivu makali huja ghafla, kisha tumbo linavimba na kuwa gumu kama ubao, mgonjwa hataki liguswe. Anatapika, mapigo ya moyo yanakwenda mbio. Homa inaweza kushuka wakati huohuo, na hapo ndipo ndugu hudhani amepata nafuu. Kinyesi cheusi au chenye damu nacho ni hatari ya namna hiyohiyo.

Usimpe chakula wala kinywaji, usimkande tumbo, usimpe dawa ya kuharisha. Zahanati haitoshi, mpeleke hospitali yenye chumba cha upasuaji, hata kama ni usiku, kwa kuwa tundu hilo huzibwa kwa kupasua. Mweleze daktari homa ilianza tarehe gani, na umwonyeshe kila pakiti ya dawa aliyomeza, hata ile iliyoliwa nusu.