Sera ya Kuwalinda Wafichuzi: Taja Nani Atafanya Nini

Kwa nini sera nyingi za kuwalinda wanaofichua maovu kazini hazimsaidii mfanyakazi?

Kwa sababu zinamficha mtendaji. Chukua sentensi inayopatikana karibu kila mahali: “Taarifa zote zitashughulikiwa kwa usiri unaostahili kwa mujibu wa sheria husika.” Nani atazishughulikia? Mtunza stoo wa kampuni ya unga ameona karatasi ya kupokelea mzigo imetiwa saini kwa magunia 200, na yaliyoshushwa ni 160. Sentensi hiyo haimwambii abishe mlango upi, wala kama meneja aliyetia saini ndiye atakayeisoma taarifa yake. Atanyamaza, na ana haki.

Lakini wanasheria husema maneno mapana huikinga kampuni.

Basi waisome sheria. Sheria ya Hongo ya Kenya ya 2016, katika kifungu cha 21, inataja makosa kwa majina: kumshusha cheo mfichuzi, kumkaripia, kumfukuza kazi, kumhamishia mahali pabaya, kumtisha. Adhabu nayo imetajwa: faini isiyozidi shilingi milioni 1, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kama wabunge waliweza kuandika “kumhamisha”, sioni kwa nini ofisi ya rasilimali watu ijifiche nyuma ya “hatua zisizofaa”. Tena ulinzi huo una mpaka: unahusu hongo, na anayelindwa ni aliyevipa habari vyombo vya kutekeleza sheria au aliyetoa ushahidi mahakamani. Magunia 40 yanaweza kuwa wizi mtupu, na mtunza stoo amemwambia mkaguzi wa ndani tu. Sera ikisema “atalindwa kwa mujibu wa sheria”, huenda kifungu hicho kisimguse kabisa. Pengo hilo kampuni ndiyo inayopaswa kuliziba kwa ahadi yake yenyewe. Ukosefu wa ahadi kama hiyo una historia. David Munyakei, karani wa Benki Kuu ya Kenya, alitoa hati zilizosaidia kufichua malipo ya kashfa ya Goldenberg. Mwaka 1993 alikamatwa na kushtakiwa kwa kutoa siri za serikali. Mashtaka yalipoondolewa, kazi haikumrudia.

Aya ya njia za kuripoti isomekeje?

Hivi, kwa mfano: “Mwambie mkaguzi wa ndani, ana kwa ana au kwa simu yake iliyobandikwa ubaoni. Ikiwa yeye ndiye anayeshukiwa, mwone mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi. Ukitaka, nenda moja kwa moja EACC, simu ya bure 1551. Huhitaji ruhusa yetu. Mkaguzi atakujibu ndani ya siku 7 kwamba amepokea, na ndani ya miezi 3 atakueleza alichofanya.” Muda huo nimeuazima kutoka Maagizo ya Umoja wa Ulaya ya 2019 kuhusu kuwalinda wafichuzi. Andika cheo badala ya jina, maana watu huhama. Na usiweke sharti la kuanzia ndani kwanza: kifungu cha 14 cha Sheria ya Hongo kinamtaka mwenye madaraka, hata katika kampuni binafsi, aripoti hongo anayoijua au kuishuku ndani ya saa 24. Sera inayomwambia asubiri kamati inamtia hatiani.

Je, tuahidi kwamba mtu hatajulikana?

Ahidi unachoweza. Kutotaja jina na kutunziwa jina ni mambo mawili. Asiyejitaja hajulikani na yeyote, ila ukikosa njia ya kumuuliza swali la pili uchunguzi hukwama. Anayetunziwa jina anajulikana na mkaguzi peke yake. Andika hivyo, kisha ongeza ukweli mchungu: mahakama ikiamuru, jina litatolewa, na mwenyewe ataarifiwa kwanza pale sheria inaporuhusu. Stoo ikiwa na watu wawili, mwambie pia kwamba yaliyomo kwenye taarifa yanaweza kumtambulisha. Na sanduku la maoni lililotundikwa chini ya kamera ya mapokezi si njia ya siri, hata sera iseme nini.

Hatutakaribisha wasingiziaji?

Hofu hiyo ina msingi, lakini dawa yake ni sentensi moja: “Hutaadhibiwa kwa kukosea ikiwa ulikuwa na sababu ya kuamini ulichosema, anayesema uongo kwa kujua ataadhibiwa.” Maneno “kwa nia njema” yanaleta matatizo zaidi, kwani yanaelekeza uchunguzi kwenye moyo wa mtunza stoo na ugomvi wake na meneja, ilhali cha kuhesabiwa ni magunia. Kisha ulinzi upewe muda na mtu wa kuubeba: kwa miaka 2 tangu taarifa itolewe, uhamisho, onyo au kufukuzwa kwa mtoa taarifa kusifanyike hadi mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi atie saini, na meneja ndiye athibitishe kwamba sababu ni nyingine.