Kidonda Kisichouma

Doa la kwanza lilionekana kwenye kapeti ya gari, chini ya pedeli ya mafuta, na dereva akadhani ni oili. Alikuwa mtu wa miaka 52, anaegesha teksi Kariakoo, na hakukumbuka kujikata wala kujikwaa. Usiku alipovua kobazi akaona tundu dogo kwenye unyayo wa kulia, chini ya kidole gumba, katikati ya sugu aliyoishi nayo kwa miaka. Akalibonyeza. Hakusikia kitu. Akaosha kwa maji ya moto yenye chumvi, akafungua kapsuli ya rangi mbili na kumwagia unga wake juu, akafunga kitambaa. Asubuhi akarudi barabarani. Gari si lake, kila siku kuna hesabu ya tajiri, na kidonda kisichouma hakimpi mtu sababu ya kulaza gari.

Dereva huyu ni wa hadithi, lakini njia aliyopita ni ileile inayowafikisha watu wengi wodini wakiwa wamechelewa.

Wiki tatu baadaye, aliyemshtua hakuwa mke wake wala wenzake wa kijiweni. Alikuwa muuguzi wa zahanati, abiria wake wa alfajiri. Mvua ilikuwa inanyesha, vioo vimepandishwa, na yeye amekaa kiti cha mbele.

“Baba Rehema, humu ndani kuna kitu kimeoza?”

“Labda dagaa wa abiria wa jana, sista.”

Muuguzi akatazama chini. “Na huo mguu una nini? Mbona umefunga kitambaa?”

“Kidonda kidogo tu. Hata hakiniumi.”

“Cha tangu lini?”

“Kama wiki tatu hivi.”

“Wiki tatu, kwenye unyayo, unakanyagia pedeli kutwa nzima, na hakiumi?”

“Hata kidogo.”

“Basi leo hunishushi getini. Unaingia na mimi ndani.”

Harufu ilimshtua, lakini kilichomfanya aamue ni lile neno “hakiniumi”. Kidonda cha wiki tatu mahali panapobeba uzito wa mwili lazima kiume. Kisipouma, maana yake mishipa ya fahamu ya mguu huo imekufa ganzi, na kwa mtu wa makamo jambo la kwanza la kufikiria ni kisukari. Sukari ikikaa juu kwenye damu kwa miaka huharibu mishipa hiyo, na huanzia kwenye ile mirefu zaidi, inayofika vidoleni mwa miguu. Mtu haoni mguu ukibadilika. Anaweza kuhisi ganzi, au ususu wa usiku, au asihisi lolote. Jasho la mguuni nalo hupungua, ngozi ikakauka na kupasuka visiginoni.

Sasa mchukue mtu huyo umweke kwenye kiti cha dereva. Mpira wa pedeli ya mafuta umekwisha, kumebaki ukingo wa chuma, na kobazi imelika mahali palepale. Mguu wenye uhai ungesogea wenyewe baada ya dakika chache, kwa sababu pangemuuma. Mguu wenye ganzi hausogei. Ngozi hujikinga kwa kujenga sugu, na sugu ikizidi inakuwa kama kokoto lililonasa ndani ya kiatu: kila hatua inaponda nyama iliyo chini yake. Damu huvilia ndani, nyama inakufa, kisha siku moja ngozi inafunguka. Kwa hiyo tundu aliloliona dereva halikuwa mwanzo wa kidonda. Kilikuwa kimeanza siku nyingi, chini ya sugu.

Kule zahanati, muuguzi alimvua viatu vyote viwili, kwa kuwa mguu mmoja hupimwa kwa kulinganishwa na mwenzake. Aliweka mgongo wa kiganja juu ya kila mguu, na wa kulia ulikuwa wa moto zaidi. Ulikuwa umevimba, na wekundu ulisambaa zaidi ya sentimita 2 kutoka ukingoni mwa kidonda. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo haujitokezi waziwazi. Ngozi huwa na weusi wa kuiva, inang'aa na kuvutika, ndiyo maana joto na uvimbe husaidia kuliko rangi. Akatafuta mapigo ya damu juu ya mguu na nyuma ya kifundo upande wa ndani, akayapata. Hilo lilikuwa jema, maana mguu usiofikiwa na damu hauponi hata ukipewa dawa gani. Kisha akachukua kijiti cha chuma kilichochemshwa, akakiingiza taratibu kwenye tundu. Kwa juu tundu halikufika sentimita 1, lakini kijiti kilizama hadi kikagonga kitu kigumu. Mfupa. Dereva alikuwa anatazama dirishani, hakujua kwamba ameguswa.

“Usiku unaamka kukojoa mara ngapi?”

“Mara tatu, nne. Joto la Dar hili, sista, mtu anakunywa soda na maji kutwa.”

Kipimo cha sukari kikasoma 22.4. Mtu mwenye dalili kama hizi, kiu na kukojoa sana, akipimwa wakati wowote na kukutwa na 11.1 au zaidi, ana kisukari. Akipimwa kabla ya kula chochote asubuhi, mpaka ni 7.0. Dereva hakuwahi kupimwa. Homa hakuwa nayo, na hilo halikumtuliza muuguzi, kwa sababu mwenye kisukari anaweza kuwa na maambukizi mazito mguuni mwili usichemke.

Hakumpa vidonge na kumwambia arudi Jumatatu. Alisafisha, akafunika kwa gozi safi, akaandika rufaa ya siku ileile, na akamkataza kuendesha. Mwenzake wa kijiweni ndiye aliyempeleka hospitali. Huko eksirei ilionyesha mfupa umeliwa. Akawekewa dripu za antibayotiki, akaanzishiwa insulini, nyama iliyokufa ikakatwa, na kidole gumba kikaondolewa pamoja na mfupa uliooza. Mguu ukabaki. Laiti angefika wiki ya kwanza, huenda ingetosha kuchonga sugu, kusafisha na kuuondolea mguu mzigo.

Kuuondolea mguu mzigo ndiyo tiba ambayo wagonjwa wengi huivunja bila kujua. Kidonda cha unyayo hakifungi huku kinakanyagiwa. Kila hatua inavunja nyama changa iliyojengeka usiku, na kwa kuwa hakiumi, mwenyewe anaona hakuna ubaya kwenda mara moja tu dukani. Ndiyo maana hospitali humvalisha mtu plasta au buti maalumu linalofika karibu na goti, linalosambaza uzito, na humtaka alivae hata ndani ya nyumba. Kwa dereva huyu ilikuwa miezi mitatu bila kugusa usukani. Gari lilishikwa na deiwaka aliyekubali kugawana naye kilichobaki baada ya hesabu. Mipango ya namna hiyo ni sehemu ya matibabu, na muuguzi mzuri huiulizia, kwa sababu asiye na chakula nyumbani atavua buti na kurudi kazini.

Maji ya moto na unga wa kapsuli navyo tuvitazame. Mguu wenye ganzi haujui maji yanayounguza, na wapo waliobabuka unyayo mzima kwa kuukanda mguu. Maji ya kuoga yapime kwa kiwiko, na usiloweke kidonda. Unga wa kapsuli hugandia juu, ukatengeneza ukoko unaofungia usaha ndani, wakati maambukizi yapo chini kabisa ambako unga haufiki. Spiriti na dawa ya meno huunguza nyama inayojaribu kuota. Ukiona kidonda, kioshe kwa maji safi yanayotiririka, kifunike kwa gozi kavu, kisha nenda kwa mtaalamu. Usikate sugu kwa wembe wewe mwenyewe.

Kuna kipimo kimoja cha ganzi ambacho mke, mume au mtoto mkubwa anaweza kukufanyia nyumbani bila kifaa, kilichobuniwa na madaktari wa Ipswich, Uingereza. Vua viatu na soksi, lala, fumba macho. Mwenzako akuguse ncha za vidole sita kwa ncha ya kidole chake cha shahada: gumba la kulia, kidole cha mwisho cha kulia, gumba la kushoto, cha mwisho cha kushoto, kisha cha kati cha kulia na cha kati cha kushoto. Aguse kwa wepesi, kwa sekunde moja au mbili, asibonyeze, asipapase, wala asirudie palipokosewa. Kila ukihisi, sema ni mguu upi. Ukikosa viwili au zaidi kati ya sita, yaelekea miguu yako imepoteza hisia, na tangu siku hiyo macho yafanye kazi ambayo maumivu hayaifanyi tena.

Macho hayo yatumike kila jioni. Tazama juu, katikati ya vidole na chini ya unyayo, na kama huwezi kuukunja mguu, weka kioo sakafuni au mwombe mtu akutazamie. Kabla ya kuvaa kiatu tia mkono ndani, maana kokoto au msumari huweza kukaa humo kutwa usijue. Madaktari wa Dar es Salaam wameshaandika kuhusu wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa usingizini, wakagundua asubuhi kwa kuona damu kwenye shuka. Kwa hiyo kulala ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri, na kutoacha mabaki ya chakula chumbani, navyo ni kinga ya mguu. Kwa dereva ongeza viatu vya kufunika visivyobana, mpira mpya wa pedeli, na mapumziko ya kushuka garini na kuutazama mguu.

Aliyewahi kupona asipunguze macho: katika watu 100 ambao kidonda chao kimefunga, kama 40 hupata kingine ndani ya mwaka mmoja.

Mambo machache hayangoji kesho. Harufu, usaha, uvimbe au joto lililozidi la mguu wa pili, weusi unaosambaa, kidole kilichogeuka cheusi, homa au mtetemo wa baridi, na kidonda ambacho ndani yake unaona mfupa au mshipi mweupe wa msuli: lolote kati ya hayo kwa mwenye kisukari ni safari ya siku hiyohiyo. Hata mguu uliovimba ghafla na kuwa wa moto bila kidonda chochote uonyeshwe haraka, kwani huenda mifupa inavunjika ndani kimyakimya. Ukifika mapokezi usiseme “nina kidonda” ukakaa kwenye foleni ndefu. Sema, “Nina kisukari, na mguu wangu una kidonda kisichouma.” Kama hujawahi kupimwa, omba upimwe sukari hapohapo, na usikubali kuondoka kabla mtu hajakuvua viatu vyote viwili akazitazama nyayo zako.