Hisa, dividande na mali ya wenyewe: maulizo mbele kikundi hakijatoa feza

Vikundi vya akiba kandokando ya Kolwezi vimeanza kutuuliza jambo moja. Sosiete ndogo, mara nyingi ya kusaga mahindi ao ya kuuza mbegu, inatuma mtu kwenye mkutano. Anasema: "Nunueni hisa zetu, mutakula dividande kila mwaka." Sanduku liko na dola 3.000. Wamemba wengine wanataka, wengine wanaogopa, na mama mwenye kutunza ufunguo anatuuliza: "Sasa hii hisa yao ni sawa na hisa yetu?"

Hapana, si sawa, hata kama jina ni moja. Katika kikundi cha akiba, hisa ni feza ulizoweka. Mnakopeshana, faida inaingia, na mwisho wa mzunguko sanduku linafunguliwa, kila mtu anarudishiwa zake na faida juu. Hisa ya sosiete haina siku ya kufungua sanduku. Ukiisha kuinunua, feza zako zimekuwa kinu, injini, mifuko ya mahindi. Wewe umekuwa mwenyewe wa kipande cha ile mali, pamoja na kipande cha hasara yake. Sosiete haina deni kwako. Ukitaka feza zako zirudie, lazima utafute mtu mwingine wa kununua kile kipande. Kongo haina soko la hisa ambamo unaweza kwenda asubuhi na kuuza. Tena, katika sosiete nyingi ndogo, sheria na statuti zinaomba wenzako wakubali mbele hujauzia mtu wa inje.

Basi ulizo la kwanza si "dividande ni ngapi?" Ni hili: hicho kipande ni kipande cha nini? Hapo ndipo linaingia neno ambalo watu wa hesabu wanaita kapitali propri. Sisi tutaliita mali ya wenyewe. Unahesabu vyote ambavyo sosiete iko navyo, unatoa madeni yote, kile kinachobaki ndicho mali ya wenye hisa. Kikibaki kidogo, hisa ni ndogo, hata karatasi yake ikiwa nzuri namna gani.

Mfano mkubwa tunao hapa nyumbani. KCC, ambayo inachimba shaba na kobalti Kamoto na KOV na kuzisafisha Luilu, iko na wenyewe wawili. Upande wa Gécamines, sosiete ya serikali, uko na hisa 25 kwa mia. Zile 75 zilikuwa za Katanga Mining, ambayo Glencore ilikuwa na sehemu kubwa ndani yake. Mtu akisikia 25 kwa mia ya migodi kama ile, anafikiri Gécamines inakula vizuri. Lakini KCC ilijengwa sana kwa mikopo kutoka upande wa wale wenye hisa 75. Mkopo unalipwa mbele ya hisa, na riba yake inatolewa mbele ya kuhesabu faida. Kwa hiyo yule aliyekopesha alikuwa na mlango mwingine wa kupokea feza. Yule mwenye hisa tu alingojea dividande. Madeni na hasara vilipanda mpaka mali ya wenyewe ikaliwa.

Sheria ya OHADA, ambayo Kongo iliingia ndani mwaka 2012, inasema hivi: hasara zikishusha mali ya wenyewe chini ya nusu ya kapitali, wenyewe lazima wakutane na kuamua, wavunje sosiete ao wairekebishe. Wasipofanya, tribinali inaweza kuombwa kuivunja. Mwezi wa 4 mwaka 2018 Gécamines ilipeleka ombi hilo hapa Kolwezi. Mwezi wa 6 wakapatana: deni la dola miliari 5,6 likageuzwa kuwa hisa, na sehemu ya Gécamines ikabaki 25 ileile. Angalia vizuri kitu gani kilibadilika. Hesabu ya hisa kwa mia haikusogea hata kidogo. Kilichobadilika ni kile kilicho ndani ya hisa, kwa sababu deni liliondolewa juu yake.

Sasa tushuke kwenye kinu chetu. Hii ni hesabu tuliyotunga ya kujifunzia, lakini bilani za sosiete ndogo zinafanana na hii.

Sosiete iko na hisa 200, kila moja ilianza na dola 50, kwa hiyo kapitali ni 10.000. Bilani inaonyesha kinu na injini 9.000, hanga 5.000, mahindi ya ghala 2.500, wateja ambao hawajalipa 1.000, na feza mkononi 500. Jumla 18.000. Upande wa madeni: benki 3.000, wakulima walioleta mahindi na hawajalipwa 2.000, na mwenye sosiete mwenyewe, aliyekopesha sosiete yake, 4.000. Jumla 9.000. Mali ya wenyewe ni 9.000. Gawanya kwa hisa 200: kila hisa iko na dola 45 ndani yake. Wao wanaomba dola 75.

Kulipa 75 kwa kitu cha 45 si lazima kuwe wizi. Sosiete inayokua inaweza kustahili zaidi ya bilani yake. Lakini hii ilianza na 10.000 na sasa iko na 9.000, maana yake imepoteza, haijakua. Muuzaji anapaswa kueleza zile dola 30 za juu zinalipia nini.

Kiisha uliza: hisa hizi 40 mnazotuuzia ni mpya ao ni za mtu? Kama ni za mwenye sosiete, dola 3.000 zinaingia mfukoni mwake, kinu hakipati hata mkanda mmoja. Mtakuwa na hisa 40 kati ya 200, na ndani yake dola 1.800. Kama ni mpya, feza zinaingia katika sosiete, mali ya wenyewe inapanda mpaka 12.000, hisa zinakuwa 240, na kila moja iko na 50. Mmelipa 3.000, mna 2.000 ndani, lakini sosiete iko na nguvu mpya. Na mwenye deni la 4.000? Muandikishe kwamba feza zenu hazitatumiwa kumlipa yeye kwanza. Tunaona pale ndipo vikundi vinaumizwa zaidi, na hakuna sheria inayovunjwa.

Tena bilani ni karatasi. Sisi ni watu wa udongo na mbegu, si wa benki, lakini katika bilani ya kinu mkulima anaona vitu ambavyo mtu wa benki haoni. Nendeni hanga. Kinu kimeandikwa 9.000: ni bei ya siku kilinunuliwa, ao wamepunguza kila mwaka kwa uchakavu? Fungueni, mtazame nyundo na chekeche, mwulize fundi injini ilifunguliwa lini. Chomeni mifuko kadhaa ya mahindi, ya chini na ya katikati, si ile ya mlangoni tu. Ukikuta unga wa wadudu na punje zenye matundu, ile 2.500 haiko tena. Kinu kikiwa cha 6.000 kweli na mahindi ya 1.500, mali ya wenyewe ni 5.000, si 9.000. Kila hisa 25. Na hapo mmefika kwenye mpaka ule wa nusu ya kapitali ambao tumeeleza.

Dividande tumeiacha nyuma kwa makusudi, kwa maana watu wanaianzia. Dividande ni sehemu ya faida ambayo mkutano mkuu wa wenye hisa umeamua kugawa. Faida inaweza kuwako na mkutano ukaamua kununua injini mpya. Mwenye hisa 40 kati ya 240 hawezi kuwazuia, kwa sababu huko kura inafuata hisa, si kama koperative yetu ambamo mtu mmoja ni kura moja.

Tuseme mmenunua hisa mpya na mwaka unaofuata sosiete inapata faida ya 2.400. Kwanza inaziba hasara ya zamani ya 1.000. Inabaki 1.400. Sheria inaomba sehemu moja juu ya kumi iwekwe akiba, mpaka akiba hiyo ifike 20 kwa mia ya kapitali. Inatoka 140, inabaki 1.260. Mkutano unaamua kugawa 600. Kwa hisa 240 ni dola 2,5 kila moja. Kikundi kinapokea dola 100 kwa 3.000 kilizotoa. Linganisheni na riba ambayo dola 3.000 zingeingiza ndani ya sanduku lenu, wamemba wakikopa na kurudisha. Mwaka wa hasara ni sifuri, na huwezi kumshitaki mtu.

Ndiyo maana neno "kila mwaka" linapaswa kuwafanya musimame. Riba ya mkopo inaweza kuahidiwa. Dividande haiwezi. Sosiete ikigawa dividande bila faida ya kweli, inakula mali ya wenyewe na kuwarudishia feza zenu wenyewe, na OHADA inakataza. Mtu akikuonyesha dividande nzuri ya mwaka uliopita, omba bilani ya miaka mitatu uone mali ya wenyewe ilipanda ao ilishuka wakati uleule.

Kuna pia kalenda. Hesabu zikifungwa tarehe 31 mwezi wa 12, mkutano unaweza kungoja mpaka mwezi wa 6, na malipo mpaka mwezi wa 9. Mbolea lazima inunuliwe mbele ya mvua. Feza za mbolea zisiingie kwenye hisa.

Jambo la mwisho ni jina. Kikundi ambacho hakijaandikishwa popote hakiwezi kuwa mwenye hisa mbele ya sheria. Hisa zitaandikwa kwa jina la mtu, kwa kawaida prezida. Akifa, jamaa yake watakuja na karatasi yenye jina lake, na daftari la kikundi litakuwa na kazi kubwa ya kushindana nayo. Jiandikisheni kwanza kama sosiete ya koperative. Kiisha siku ya kulipa, lipeni kwa benki, si mkononi, na mbele ya kuondoka muombe kopi ya ukurasa wa daftari la wenye hisa: jina la koperative, hesabu ya hisa, tarehe, sahihi ya meneja. Hakikisheni namba ya RCCM iliyo juu ya karatasi ni ileile iliyo kwenye statuti. Asipotaka kuwaonyesha daftari hilo, feza zibaki ndani ya sanduku.